Kibanda cha njano, sheli ya kijani, ziwa kwa nyuma: hii picha ya baba mdogo ni Mwanza, Bukoba au Kisumu?

Mjukuu wa Nyehunge #1
Wakuu, habari za jioni. Naombeni macho yenu. Mama ametunza picha moja ya baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Aliondoka nyumbani kufuata kazi za mitumbwi, hatukumwona tena. Picha aliileta msafiri mmoja, akasema tu "nilimpiga sheli, pale kando ya ziwa", akaondoka. Haina tarehe. Mama anaamini ni Kisumu, shangazi anasema Bukoba, mimi naona kama mawe kwa mbali, nasema Mwanza.

Mama hataki iwekwe mtandaoni, kwa hiyo nawaelezea. Baba mdogo amesimama mbele ya kituo cha mafuta. Ukingo wa paa la pampu ni wa kijani na una mstari wa njano. Kushoto kuna kibanda cha njano chenye maandishi mekundu. Bega lake limeficha mwanzo wa neno, ninachosoma ni herufi tatu za mwisho: tel. Jengo la nyuma lina bango la kijani lenye herufi nyeupe zilizofifia. Halafu maji. Yeye amevaa shati jeupe.

Rangi hizi zinasema ni wapi? Tukijua hata nchi, tutajua pa kuanzia kuulizia.

Chapchap #2
Njano ni MTN. Hapo ni Uganda mkuu, mkaulizie Jinja au Entebbe. Uzi ufungwe.

Fundi Bango Mabatini #3
Usifunge uzi wa watu, Chapchap. Nimepaka kuta za kampuni za simu Kanda ya Ziwa zaidi ya miaka kumi, ngoja niseme ninachokijua.

Ni kweli MTN ni ya njano na ni kweli haina laini Tanzania wala Kenya. Lakini MTN niliyoiona mimi huandikwa ndani ya yai, zamani yai la bluu, siku hizi mstari mweusi. Herufi nyekundu juu ya njano sijaiona kwao. Halafu jina lao haliishii na "tel". Njano yenye maandishi mekundu yanayoishia na "tel", kwa ziwa hili, mimi naiita Celtel.

Mjukuu, hilo neno limechorwa kwa brashi au limebandikwa stika? Na huo wekundu umekolea au umekuwa pinki?

Dogo Janja wa Igoma #4
Kwani Halotel haiishii na tel? Na Airtel je? Na Zantel? Kaka mkubwa umeruka nyingi.

Fundi Bango Mabatini #5
Sijaruka, Dogo. Halotel ni ya rangi ya chungwa na imeingia 2015. Airtel ni nyekundu kote, maandishi ndiyo meupe, kinyume na anachokieleza. Zantel naiacha, sikuwahi kupaka kibanda chake cha njano huku kwetu.

Na uelewe kitu kimoja, Airtel ndiyo hiyo hiyo Celtel. Kwanza Celtel, njano na nyekundu. Agosti 2008 ikawa Zain. Novemba 2010 ikawa Airtel. Mwaka ule wa Zain tulipaka kuta usiku na mchana kuanzia Igogo mpaka Kisesa, na rangi haijazeeka tukaitwa tena kupaka nyekundu. Hadi leo ukikwangua ukuta wa duka fulani pale Mabatini kwa ukucha unakutana na matabaka: nyekundu, chini yake zambarau, chini yake njano.

Chapchap #6
Sawa, nimekubali kwenye herufi. Ila Celtel ilikuwepo Uganda pia, tena kabla yenu.

Fundi Bango Mabatini #7
Hapo umesema kweli. Uganda ilianza 1995, Tanzania 2001, Kenya ilikuwa Kencell ndiyo ikageuka Celtel 2004. Kwa hiyo Celtel peke yake inakupa miaka, haikupi nchi.

Mama Lishe Kirumba #8
Samahani jamani, huo uwakala wa njano mtaji wake ni kiasi gani kwa sasa? Nina kieneo changu karibu na Mwaloni.

Dogo Janja wa Igoma #9
Mama, hapa tunatafuta picha ilipopigwa. Ila umenikumbusha. Tangu Tigo ageuke Yas mwishoni mwa 2024, vibanda vya njano vimejaa Mwanza. Mtu akipiga picha leo pale Buzuruga, miaka 20 ijayo kuna Chapchap mwingine atasema Uganda.

Jakom wa Kondele #10
Salamu kutoka Kisumu. Mama yako msimpuuze. Aliyeleta picha alisema "Shell", si ndiyo? Huku kwetu Shell ziko tele, na Kisumu imekaa kando ya ziwa kabisa. Isitoshe, bango la kijani la benki, sisi Benki ya Ushirika yetu ni ya kijani. Na mawe usiyategemee, nenda Seme uone Kit Mikayi.

Utingo Mstaafu #11
Jakom, karibu. Kuna neno limekupotosha. Kwetu kila kituo cha mafuta ni sheli. Puma ni sheli, Total ni sheli, kituo cha mtu binafsi chenye pampu moja na bati lililopinda nacho ni sheli. Mimi nimesafiri na malori ya samaki miaka mingi na dereva akisema "tuingie sheli" hakumaanisha kampuni. Kwa hiyo msafiri yule, kama ni Mtanzania, hakutaja jina la kituo.

Shell yenyewe ina njano na nyekundu. Kijani yenye njano ninayoikumbuka mimi ni BP. BP zilikuwepo Mwanza, na kuanzia 2011 zikageuka Puma. Mjukuu, pale kwenye ukingo au kwenye nguzo ya bei kuna alama gani? BP ya zamani ilikuwa ngao. Baada ya 2000 wakaleta kama ua la alizeti.

Jakom wa Kondele #12
Hilo la sheli nimelipokea, sikujua. Lakini BP ilikuwepo Kenya pia enzi hizo, ndugu. Haijanitoa Kisumu bado.

Mjukuu wa Nyehunge #13
Asanteni sana. Nimerudi na kioo cha kukuzia cha fundi saa.

Maandishi ya kibanda yamechorwa kwa brashi, kwenye kona ya "l" rangi imechuruzika. Wekundu umekolea. Kwenye nguzo ya bei kuna duara lenye ncha ncha, nusu yake imekatwa na ukingo wa picha, kwa hiyo nasema ni ua. Chini ya ua kuna tarakimu, naona nne kwenye mstari wa juu. Ya kwanza ni 1. Ya mwisho ni 0. Za katikati hazieleweki.

Bango la kijani nimehesabu herufi mara tatu. Mara mbili nimepata nne, mara moja tatu. Ya mwisho ni B.

Utingo Mstaafu #14
Tarakimu nne zikianza na moja! Hiyo ni elfu moja na kitu kwa lita. Kenya lita ilikuwa makumi ya shilingi miaka hiyo, haiwezi kufika elfu. Tanzania hiyo.

Jakom wa Kondele #15
Mzee, shikamoo. Huku bei huandikwa na senti. Ukiona 78.90 kwa mbali, nukta imefutika, unasoma tarakimu nne.

Utingo Mstaafu #16
Marahaba. Lakini yake inaanza na 1. Yako inaanza na 7.

Jakom wa Kondele #17
Ikiwa 100.90 je? Tumefika huko na kupita.

Fundi Bango Mabatini #18
100.90 ina tarakimu tano, Jakom. Ili upate nne zikianza na 1 lazima uandike senti kwa tarakimu moja, 109.0 kwa mfano. Na mmefika mia wakati Celtel inaelekea ukingoni. Siyo kwamba haiwezekani, ila lazima mambo mengi yakae pamoja. Kwa Tanzania ya katikati ya miaka ya 2000, elfu moja na mia kadhaa ni bei ya kawaida kabisa, wala huhitaji kulazimisha.

Mwalimu wa Nyegezi #19
Kwa picha za siku hizi bei inakupeleka mbali zaidi ya nchi. EWURA hutoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na jedwali lao linatenganisha miji na wilaya. Ilemela ina bei yake, Sengerema yake, Ukerewe yake, kwa sababu ya gharama ya kusafirisha kutoka bandarini. Nilishawahi kuipata tarehe ya picha ya harusi kwa njia hiyo. Nyuma ya gari la bibi harusi kulikuwa na nguzo ya bei, nikalinganisha petroli na dizeli kwa pamoja, miezi yote ikakataa isipokuwa mmoja. Moja peke yake isingetosha, maana bei ya petroli inaweza kukaribiana miezi miwili. Na kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya kikomo, kwa hiyo isipolingana usiseme picha ni ya uongo.

Mjukuu, kwa yako haitasaidia. Utaratibu wa bei kikomo ulianza 2009.

Dada wa Fremu #20
Naomba niingize langu, linafanana. Mwaka jana dalali alinitumia picha ya fremu, akasema ipo Buzuruga barabarani kabisa, nitume kishika uchumba. Fremu ilikuwa nzuri, vigae vipya, geti jipya. Nikaikuza picha. Kwenye mlango wa jirani kuna kibao cha kijani cha M-Pesa, kimeandikwa LIPA NA M-PESA. Nikakaa nikajiuliza, M-Pesa yetu si nyekundu? Na sisi si tunaandika Lipa kwa M-Pesa, na Lipa Namba? Nikamwambia anipigie video ya mubashara akiwa amesimama pale. Hakupiga tena simu hadi leo.

Kijana wa Sirari #21
Dada uliokoa hela. Ila msiifanye sheria. Mimi nipo mpakani, maduka ya huku yana vibao vyote viwili, ya kijani na nyekundu, kwa sababu wateja wanavuka kutoka Isebania wakiwa na pesa kwenye laini ya Safaricom. Mutukula nako hivyo hivyo na njano ya MTN. Ukipata rangi mbili za nchi mbili kwenye ukuta mmoja, usichague, hapo jibu ni mpaka.

Chapchap #22
Jamani si mngeuliza tu namba za magari?

Mjukuu wa Nyehunge #23
Hakuna gari linaloonyesha namba. Kuna pikipiki moja, imegeuza ubavu.

Mhangaza Halisi #24
Mimi naleta Lake Oil. Kama kituo ni Lake Oil basi ni Kanda ya Ziwa moja kwa moja, jina linasema.

Utingo Mstaafu #25
Hapana kijana. Lake Oil utaikuta Dar, utaikuta Morogoro, utaikuta hadi Rwanda na Burundi. Jina la ziwa halikuambii upo ziwani. Ukitaka kituo chenye mizizi ya Mwanza kweli, hicho ni Moil. Nikiona Moil kwenye picha natafuta kwanza Kanda ya Ziwa ndipo niende kwingine.

Mwalimu wa Nyegezi #26
Turudi kwenye benki. Herufi nne, mwisho B, nyeupe juu ya kijani: CRDB. Tatu, mwisho B: KCB, ambayo nayo ina kijani. Na KCB ya Kenya imefungua hata Tanzania. Kwa hiyo hapo tunagawanyika kwenye herufi moja tu. Jakom, Benki ya Ushirika yenu inaishia na B?

Jakom wa Kondele #27
Haiishii na B. Naitoa. Nabaki na KCB.

Mjukuu wa Nyehunge #28
Nimehesabu tena na mdogo wangu bila kumwambia nilichopata. Kasema nne. Mama kasema tatu, ila mama anataka iwe Kisumu.

Fundi Bango Mabatini #29
Mwache mama. Pima nafasi badala ya kuhesabu. Weka rula juu ya bango, pima kutoka mwanzo wa herufi ya kwanza hadi mwisho wa B, halafu pima B peke yake. Herufi za mabango huwa zinakaribiana upana. Ukipata B inaingia kama mara nne na ushee, ni nne. Ikiingia mara tatu na ushee, ni tatu.

Na kabla hamjaendelea na kijani na njano, nina wasiwasi na picha yenyewe. Picha za karatasi zikizeeka rangi zinahama. Karatasi inakuwa manjano. Nyeupe inaweza kuonekana njano, na bluu ikaonekana kijani. Mjukuu, lile shati lake jeupe kwenye picha linaonekana jeupe kweli?

Mjukuu wa Nyehunge #30
Linaonekana jeupe, labda la maziwa kidogo. Kola ipo safi. Na macho yake, sehemu nyeupe ni nyeupe.

Fundi Bango Mabatini #31
Basi njano ya kibanda ni njano kweli. Kama kola ingekuwa na rangi ya ugali wa mtama ningekuambia tuanze upya.

Sasa wekundu. Umesema umekolea, na rangi imechorwa kwa brashi. Nyekundu ya mafuta kwa jua la huku haimalizi miaka miwili bila kuanza kupauka. Ndiyo rangi inayokufa mapema kuliko zote, bluu hudumu. Kwa hiyo kibanda kilikuwa kimepakwa karibuni. Na hakuna aliyelipwa kupaka Celtel baada ya Agosti 2008. Kwangu mimi picha ni kati ya 2001 na 2008 au 2009 mwanzoni.

Mwalimu wa Nyegezi #32
Fundi, hapo kwenye 2009 nakupinga kidogo. Vijijini vibanda vingi viliiruka Zain kabisa, vilikaa na Celtel mpaka Airtel ilipokuja. Mwenye kibanda anaweza kupaka upya mwenyewe kwa rangi aliyobakiza. Alama mpya inakuambia picha haiwezi kuwa ya kabla yake. Alama ya zamani haikuambii picha imekoma lini. Mimi ningemwambia Mjukuu: si kabla ya 2001, basi, kule mwisho pabaki wazi.

Fundi Bango Mabatini #33
Mwenye kibanda hapaki mwenyewe kwa herufi zile, Mwalimu. Tulikuwa na karatasi za kuchapia umbo. Ila mchuruziko kwenye "l" unanipa shaka, sisi tulikuwa tunafuta mchuruziko. Sawa, 2010 nakuachia.

Mjukuu wa Nyehunge #34
Nimepima. Bango lote milimita 11, B milimita 2 na nusu hivi. Inaingia mara nne na kitu. Ila rula yangu ni ya shule na nimepima kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Utingo Mstaafu #35
CRDB, BP ya ua, Celtel, bei ya elfu. Mwanza. Natamani kusema na barabara, ila sitaki kukudanganya.

Bibi wa Kashai #36
Hamjambo wanangu. Mbona Bukoba mmeiacha wakati kila mlichokitaja Bukoba tulikuwa nacho? CRDB tulikuwa nayo, Celtel tulikuwa nayo. Mkishasema Tanzania, shangazi yake naye bado yumo. Na Musoma pia.

Ninyi Mwanza ziwa lenu jua linazamia. Sisi Bukoba ziwa liko mashariki, jua linachomoza majini. Mwanangu, kivuli cha baba yako mdogo kinaelekea wapi, na ni kirefu?

Mjukuu wa Nyehunge #37
Shikamoo bibi. Kivuli ni kirefu, kinakuja upande wa mpiga picha. Maji yako nyuma yake.

Bibi wa Kashai #38
Marahaba mwanangu. Basi jua lipo upande wa ziwa, chini. Kama ni asubuhi, ni Bukoba. Kama ni jioni, ni kwao Mwanza au Musoma.

Jakom wa Kondele #39
Na Kisumu. Ziwa letu liko magharibi.

Dogo Janja wa Igoma #40
Kibanda kimefunguliwa au kimefungwa?

Mjukuu wa Nyehunge #41
Dirisha limefungwa. Kuna mwavuli wa bluu umekunjwa, umeegemezwa mlangoni.

Dogo Janja wa Igoma #42
Asubuhi hiyo, hajafungua. Shangazi ameshinda!

Utingo Mstaafu #43
Au Jumapili jioni. Au mwenye kibanda kaenda kula. Kibanda cha vocha kinafungwa saa yoyote.

Fundi Bango Mabatini #44
Huo mwavuli nao una maneno. Vodacom ilikuwa bluu mpaka 2011 ndiyo ikawa nyekundu, na Tigo ilikuwa bluu tangu 2006. Una maandishi?

Kijana wa Sirari #45
Pepsi nao wana miavuli ya bluu, mkuu.

Mjukuu wa Nyehunge #46
Umekunjwa, maandishi yamo ndani ya mikunjo. Naona herufi moja tu, ni "o" au ni duara.

Mwalimu ameniandikia pembeni niangalie nyuma ya picha, studio nyingi zilikuwa zinagonga mhuri. Imebandikwa kwa gundi kwenye jalada la albamu. Nimemwomba mama tuibandue kwa mvuke. Amesema nisubiri shangazi aje Jumamosi, tuibandue wote tukiwepo. Wabeja sana, nitarudi.

Mama Lishe Kirumba #47
Mungu awasaidie mumpate. Mimi nilikuwepo hapa Kirumba miaka hiyo yote, nikimwona usoni labda ningemkumbuka. Jina lake la mwaloni alikuwa anaitwa nani?